Sukari mbili ndani ya nyumba moja: kwa nini vidonge vya baba havimfai binti

Pale kliniki ninapofanya kazi, ukimuuliza mgonjwa ana kisukari cha aina gani, mara nyingi atakujibu, "Mimi yangu ni ya kupanda." Wa pembeni yake atadakia kwamba yake ni ya kushuka. Nusu ya Dar inazungumza hivyo. Lakini kupanda na kushuka ni hali tu, na zote mbili zinaweza kumpata mgonjwa yuleyule ndani ya siku moja: asubuhi mashine ikasoma 18, jioni ikasoma 3. Zinazoitwa aina ya kwanza na aina ya pili zinatenganishwa na swali jingine kabisa, nalo ni kama kongosho la mtu huyu bado linatoa insulini au limeshaacha.

Mimi ni muuguzi, na kaka yangu ana kisukari mwaka wa sita sasa. Nilidhani nyumbani kwake Mbagala swali hilo wanalijua. Kumbe sikuwahi kukaa nao chini nikawaeleza.

Kaka ana miaka 52 na anauza vitenge Kariakoo. Kitambi anacho, na baba yetu marehemu naye alikuwa na sukari. Ugonjwa wake uligundulika kwa bahati tu, alipokwenda kupima macho akaambiwa aanze kwanza na sukari. Binti yake ana miaka 16, mwembamba tangu utotoni. Mwaka jana alianza kuamka usiku kwenda chooni mara tatu, mara nne, na akirudi anapitia jagi la maji mezani na kulimaliza. Baada ya wiki mbili sketi ya shule ikawa inamvuka, mama yake akawa anaibana kwa pini. Walimpeleka kituo kimoja cha afya, wakapima malaria, hakuna. Kwa kuwa anakojoa sana, wakampa dawa ya yutiai na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyemchoma kidole.

Aliyemchoma kidole ni baba yake, jioni ya Jumamosi, kwa mashine yake mwenyewe. Haikutoa namba. Iliandika `HI`, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Kwa mashine nyingi ni juu ya 33. Kaka akafanya alichoona ni busara: sukari ni sukari, dawa ya sukari ipo kabatini. Akampa vidonge viwili vya metformini na kumwambia asiguse soda.

Jumapili mchana nilimkuta amelala kwenye mkeka. Ametapika tangu alfajiri, tumbo linamuuma, midomo imekauka. Anavuta pumzi ndefu, nzito, za harakaharaka, kama mtu aliyetoka kukimbia, na wala hakohoi. Pumzi yenyewe ilinukia kama matunda yaliyoiva hadi kuanza kuchacha, harufu iliyo jirani na ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ukikutana na harufu hiyo pamoja na pumzi za namna hiyo, usisubiri kesho. Tulikodi bajaji moja kwa moja hadi hospitali.

Kilichokuwa kinaendelea mwilini

Kaka aliniuliza baadaye, kwa unyonge kabisa, kwa nini vidonge vinavyomsaidia yeye vilishindwa kwa mwanawe. Nilimjibu kwa daladala. Sukari ni abiria waliojaa kituoni, na seli za mwili ni gari. Insulini ni konda, ndiye anayefungua mlango. Kwako wewe konda yupo, anavuta mlango kwa nguvu zote, ila mlango una kutu. Metformini inalainisha mlango huo, na pia inalizuia ini lisiendelee kumwaga abiria wengine kituoni. Kwa mwanao mlango ni mzima. Konda ndiye hayupo.

Aina ya kwanza inatokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inapogeuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kinga inafanya kazi hiyo kimyakimya kwa miezi au miaka, lakini seli zilizobaki zikishakuwa chache mno, dalili zinakuja kwa wiki chache tu. Hakuna soda wala andazi lililosababisha. Bibi yake binti alishikilia kwamba ni pipi za shuleni, na nilimwambia hapana mbele ya mtoto, makusudi, ili mtoto asikie. Wala hakuambukizwa kisukari na baba yake kwa damu kama watu walivyonong'ona. Sukari ya baba ni ugonjwa mwingine.

Aina ya pili inatembea polepole. Mwili unakuwa mgumu kuisikia insulini, hasa mafuta yanapojaa tumboni na miguu inapokosa kazi, na kwa wenye urithi kama sisi ugumu huo unakuja mapema zaidi. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini nyingi kuliko kawaida, linahimili miaka, halafu linaanza kuchoka. Mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kuhisi kitu. Ndiyo maana kaka alipogundulika, tayari macho yake yalikuwa na mabadiliko. Mgonjwa wa aina ya pili huchunguzwa macho, figo na miguu siku anapogundulika, kwa sababu hakuna ajuaye sukari imekuwa juu kwa miaka mingapi. Wa aina ya kwanza tunaijua karibu wiki yake ya kuanza, kwa hiyo uchunguzi wa macho kwa kawaida unaweza kusubiri miaka kadhaa.

Tofauti inayoua ni hii. Insulini kidogo tu inatosha kuuzuia mwili usiyeyushe mafuta yake ovyo. Kaka anayo hiyo kidogo. Binti hakuwa nayo, kwa hiyo mwili wake, ukiwa umezungukwa na sukari usiyoweza kuitumia, uligeukia mafuta na kuyachoma. Masalia yake ni ketoni, ambazo ni asidi. Zikijaa kwenye damu mtu anatapika, tumbo linauma, na anahema vile ili kuitoa asidi kwa pumzi. Harufu ya matunda ni ketoni hizo. Kidonge hakina cha kufanya hapo. Alitundikiwa dripu nyingi, insulini na potasiamu, akakaa wodini siku sita.

Dozi ya binti, dozi ya baba

Binti alitoka hospitali na uzito wa kilo 48. Kwa umri wake daktari alihesabu yuniti 0.75 kwa kila kilo, ikawa yuniti 36 kwa siku. Alipewa insulini ya mchanganyiko ya 30/70, ambayo ndani yake kuna ya haraka na ya polepole. Hiyo hugawanywa theluthi mbili asubuhi na theluthi moja jioni: 24 kabla ya chai, 12 kabla ya chakula cha usiku, kila moja nusu saa kabla ya kula. Namba hizo ni zake yeye. Mwingine wa kilo hizohizo anaweza kupewa tofauti, na wapo wanaopangiwa sindano nne kwa siku, jambo linalowapa uhuru zaidi wa saa za kula.

Chupa ya mchanganyiko ina mashapo meupe chini na maji juu. Unaiviringisha taratibu katikati ya viganja, mara kumi hivi, mpaka yote iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiitikisa unapata mapovu, na mapovu yanakuibia dozi. Ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda ukutani mwa chupa, hiyo imekufa, tupa. Bomba liwe la insulini, lenye alama za yuniti 100 kwa mililita. Nimewahi kuona mama akitumia bomba la kawaida la mililita mbili kwa kukisia, na sitaki kulisimulia hilo zaidi ya hapo.

Joto la Dar nalo ni adui. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, lakini isigusane na barafu, kwani ikiganda hata mara moja haifai tena. Inayotumika inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne kama pana ubaridi wa kutosha, na chumba cha bati Mbagala mwezi wa Februari hakina huo. Wasio na friji tunawafundisha kuweka chupa ndani ya kopo lililofungwa vizuri, kisha kopo ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kivulini na kuloweshwa kila siku. Maji yakikauka juu ya udongo, ndani kunapoa.

Upande wa baba mambo ni mepesi zaidi. Alianza na metformini miligramu 500 mara moja kwa siku baada ya chakula, ikapandishwa kidogokidogo hadi 1000 asubuhi na 1000 jioni. Kupandisha taratibu kuna sababu: ukianza na dozi kubwa tumbo linavuruga, mtu anaharisha na kuacha dawa. Mwaka wa nne ikaongezwa gliklazidi, inayolikamua kongosho litoe insulini zaidi. Siku moja huenda atahitaji insulini naye. Wengi wakiambiwa hivyo hulia, wakidhani ndiyo hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Maana yake ni kwamba kongosho limechoka, basi. Hata hivyo kuchoma sindano hakumgeuzi kuwa aina ya kwanza.

Na kuna jambo ambalo baba analo na binti hana: akipunguza uzito wa kutosha, hasa katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, mtu wa aina ya pili anaweza kufika mahali sukari ikakaa kawaida bila dawa, mradi aendelee kupimwa. Nimemwambia kaka hivyo. Amepunguza kilo tatu, akazirudisha zote Sikukuu ya Iddi.

Fungate

Hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza binti mara ya pili, na mara hii kwa furaha.

Miezi miwili baada ya kutoka wodini, sukari yake ilianza kushuka yenyewe. Yuniti 36 zikawa nyingi mno, kliniki wakapunguza hadi 24, kisha 14. Bibi yake alikuwa akimchemshia majani ya mwarobaini kila asubuhi, na akahesabu moja na moja. Nyumba nzima ikaamini amepona. Siku nilipopita, mama mtu akanipokea mlangoni: "Wifi, sindano tunaacha Ijumaa, tumeshapanga na kisomo."

Madaktari hukiita kipindi hicho fungate, na jina limekaa. Mtoto anapogundulika, kwa kawaida zimebaki seli chache za insulini zilizolemewa na sukari kali. Sindano zikiishusha sukari, seli hizo zinapata nafasi ya kupumua na kufanya kazi tena. Inachukua wiki kadhaa au miezi, mara chache zaidi ya mwaka. Halafu kinga ya mwili inazimaliza nazo. Anayeacha sindano katikati ya fungate anaweza kukaa siku chache akionekana mzima, kisha anarudi palepale kwenye mkeka, na safari hii pengine asifike hospitali.

Sikubishana na mwarobaini. Nilimwambia bibi, "Mama, majani yako yaendelee, ila na sindano iendelee, hata ikibaki yuniti chache." Akakubali, kwa kuwa sikumvunjia heshima. Kulikuwa na mtego mwingine mdogo: chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000. Kwa yuniti 36 kwa siku inakwisha kama wiki nne, sawa na umri wake baada ya kufunguliwa. Kwa yuniti 14 ingefika siku 70, na mama mtu alitaka kuimaliza yote kwa kubana matumizi. Wiki ya saba, ndani ya joto lile, unachoma maji. Mwezi wa saba dozi ilianza kupanda tena, na sasa yuko yuniti 40.

Sufuria moja, sahani mbili

Nyumbani wanapika chungu kimoja, na hiyo ni sawa. Kinachotofautiana ni saa na kipimo. Baba anatakiwa kupunguza: ugali ukubwa wa ngumi yake, mboga nusu ya sahani. Alihamia dona kwa kuambiwa haina sukari, akawa anakula mlima wa dona. Dona ina makapi zaidi ya sembe na hupanda polepole kidogo, lakini ni wanga uleule. Binti anakua, hatakiwi kushindishwa njaa. Yeye anatakiwa kula kiasi kinacholingana siku hadi siku, kwa saa zilezile, maana akishachoma mchanganyiko ule insulini imeshaingia na haijui kama mkaa umelowa.

Jioni moja ilikuwa hivyo. Amechoma yuniti 12, mchele bado jikoni, mvua imenyesha. Baada ya dakika 40 akaanza kutetemeka, jasho jembamba, akamjibu mdogo wake kwa hasira isiyo yake. Mashine ikasoma 3.1. Chini ya 4 ni ya kutibu papo hapo: vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyojaa, kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikasoma 4.8, akala wali. Kaka alikuwa amesimama mlangoni ameduwaa. "Mgonjwa wa sukari tunampa sukari?" Ndiyo, na wewe pia, dada yako anakuambia, siku ukimeza gliklazidi asubuhi halafu wateja wakakufanya uruke chakula cha mchana. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Gliklazidi inashusha.

Stripu ndizo zinazomaliza hela. Binti anatakiwa kupima walau mara nne kwa siku, kwa hiyo pakiti ya 50 haifiki wiki mbili. Baba anaweza kupima mara mbili au tatu kwa wiki. Wanatumia mashine moja, lakini kila mmoja na sindano yake ya kutobolea kidole, na hilo nililisema kwa sauti kali. Zikibaki chache, za binti hazikopeshwi.

Homa ikiingia

Usiku wa homa ndiyo mtihani wenyewe, kwa sababu jibu la mmoja ni kinyume cha jibu la mwingine. Mtu akitapika na asile, akili ya kawaida inasema aache dawa ya sukari. Kwa baba ni kweli kwa kiasi kikubwa: akiharisha au kutapika na kukaukiwa maji, metformini husimamishwa mpaka aanze kula na kunywa vizuri, na gliklazidi asiimeze bila chakula. Anapimwa, ananyweshwa maji. Akianza kusinzia na kuchanganyikiwa huku mashine inasoma juu sana, ni dharura hata kama hahemi vibaya wala hanuki.

Kwa binti ni kosa la kufisha. Homa inapandisha sukari hata kama tumbo ni tupu, kwa hiyo dozi inaweza kurekebishwa, ila haifiki sifuri kamwe. Anapimwa kila saa tatu au nne, usiku pia, na mkojo unapimwa ketoni kwa kile kijiti kinachobadilika kuwa zambarau. Kijiti kikionyesha ketoni za kati au nyingi, au akitapika kila anachokunywa, hapo hakuna cha nyumbani, ni hospitali. Mimi wananipigia simu njiani, si kabla ya kuondoka.

Pale ambapo mwili haufuati kitabu

Mtu akisoma hapa atadhani mwembamba kijana ni aina ya kwanza, mnene mzee ni aina ya pili. Mara nyingi ndivyo. Lakini wapo watu wazima, baadhi wenye miaka 40 na zaidi, wanaoanzishiwa vidonge na vikafeli haraka huku wakikonda. Kinga yao inalimaliza kongosho polepole, ni ndugu wa aina ya kwanza. Na kwetu Waafrika tunawaona wa kinyume: mwanamume wa miaka 40 anafika na ketoni tele, anachomwa insulini, na baada ya miezi kadhaa anaendelea vizuri kwa vidonge. Huyo ni aina ya pili iliyoingia kwa kishindo. Kinachowatenganisha ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama kongosho bado linatoa insulini, na kingine cha kingamwili. Si kila maabara ina vipimo hivyo, na bei yake si ya kila mtu. Ikiwa havipo na kuna shaka, hasa kama kuna ketoni au anakonda kwa kasi, anayejua kazi humwacha mgonjwa kwenye insulini kwanza. Fungate na huyu wa kishindo zinafanana sana kwa nje, kwa hiyo uamuzi wa kupunguza sindano ni wa kliniki, kwa namba za mashine, si wa nyumbani.

Jambo jingine la kwetu: karatasi ya HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu, inadanganya kwa mwenye selimundu, kwa kuwa chembe zake nyekundu hazikai muda wa kawaida. Itaje selimundu mapema kwa daktari, la sivyo utasifiwa kwa namba isiyo yako.

Siku hizi kabati la kaka lina rafu mbili. Ya juu vidonge vyake, na karatasi aliyobandika kwa selotepu, ameandika kwa mkono: "VYA BABA. ASIPEWE MTOTO." Ya chini ni mabomba, vijiti vya ketoni, na kopo la sukari ambalo mdogo wake binti ameshaonywa mara tatu kwamba si la chai.